Namba Inayofuata Fedha

Msikilizaji, chukua mfano huu. Kijana yuko Maskati, anamtumia mama yake dola 400 kwenye akaunti ya Dar es Salaam. Siku ya nne inapita, mama anaambiwa dirishani: hatujaziona. Anaonyesha namba ya kumbukumbu iliyo kwenye risiti, haisaidii kitu.

Kwa nini? Namba ile ni ya benki ya Maskati peke yake. Dola hupitia benki ya kati, mara nyingi Nyuyoki, na kila benki njiani huipa kazi hiyo namba yake.

Sasa, hapa ndipo penye jibu. Tangu Novemba 2018, malipo ya aina hii katika mtandao wa Swift hubeba namba moja isiyobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Inaitwa UETR, ina herufi na tarakimu 32, na vistari vinne. Kijana akiiomba kwenye benki yake, mtumishi anaweza kuona fedha zimefika wapi, na pengine zimezuiwa kwa sababu jina halilingani na la akaunti.

Kwa upande mwingine, namba huonyesha tu, haisukumi fedha. Jina lazima lisahihishwe na benki iliyotuma. Wala kuwa nayo si ushahidi kwamba fedha zimeingia, kwa hiyo mfanyabiashara asitoe mzigo kwa kuonyeshwa risiti.

Swali linabaki: kama namba hiyo ipo tayari, mbona risiti nyingi haziionyeshi?