Mtoto wa Shule Anayekojoa Kitandani: Kengele ya Usiku na Dalili za Kuangalia

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo familia nyingi hulificha hadi mtoto aalikwe kulala kwa shangazi au apelekwe shule ya bweni: kukojoa kitandani.

Kabla ya miaka mitano, kukojoa usiku si ugonjwa. Hata katika umri wa miaka saba, kati ya watoto 100, watano hadi kumi bado hukojoa kitandani. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua, lakini mtoto wa miaka minane au tisa anayeamka amelowa kila asubuhi hana haja ya kungoja. Kuna njia ya kumsaidia.

Kwanza ieleweke kwamba mtoto hafanyi makusudi. Mara nyingi mambo matatu hukutana. La kwanza ni usingizi: kibofu kinapojaa, ubongo haupokei ujumbe wa kuamka. La pili ni mkojo mwingi. Kwa kawaida mwili hutoa homoni usiku inayopunguza mkojo, na kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huwa kidogo. La tatu ni kibofu kinachojikaza kabla hakijajaa vizuri. Hali hii hurithiwa pia. Mzazi aliyekojoa kitandani utotoni asishangae mwanawe akifanya hivyo. Kwa sababu hizo, kiboko, kumwanikia godoro mbele ya wenzake au kumnyima chakula havitibu chochote.

Chukueni mfano wa mvulana wa miaka minane, wa Gredi ya Tatu. Tangu azaliwe hajawahi kukaa mkavu hata mwezi mmoja. Baba yake naye aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi. Mama anampeleka kituo cha afya. Mhudumu anauliza kuhusu mkojo wa mchana, kiu, uzito na choo, anamkagua mgongo na tumbo, kisha anapima mkojo kwa kijiti. Mkojo hauna kasoro. Lakini mtoto hupata choo kigumu mara moja kwa siku tatu au nne. Choo kikijaa kwenye utumbo husukuma kibofu na kukinyima nafasi, kwa hivyo hicho ndicho kinatibiwa kwanza, kwa dawa ya kulainisha choo na chakula chenye matunda na mboga.

Mama pia anapewa kazi ya kuandika kwenye daftari, usiku baada ya usiku, kama kitanda kimelowa. Katika siku 14 za kwanza kimelowa mara 12. Daftari linaonyesha jambo jingine: mtoto hanywi maji shuleni, halafu jioni anakunywa vikombe vitatu vya chai. Mpango unabadilishwa. Anabeba chupa ya maji shuleni na kuimaliza, na jioni anapata maji ya kutosha kiu, bila chai. Anakojoa kabla tu ya kulala. Baada ya majuma mawili amelowa mara 9. Nafuu ipo, lakini haitoshi. Hapo ndipo kengele inaletwa.

Kengele hii ni chombo kidogo chenye kihisi kinachobanwa kwenye chupi, au mkeka unaowekwa chini ya shuka. Tone la kwanza la mkojo likigusa kihisi, kengele hulia. Si kila duka la dawa huiuza, kwa hivyo muulizeni mhudumu wa afya au daktari wa watoto namna ya kuipata.

Kazi hufanywa hivi. Kengele huvaliwa kila usiku bila kuruka. Ikilia, mtoto mwenyewe aizime, asimame na amalizie mkojo chooni. Kama choo kiko nje na ni giza, wekeni ndoo chumbani. Kisha abadilishe nguo, asaidie kutandika shuka kavu, na kengele ivaliwe tena. Nailoni juu ya godoro hurahisisha kazi.

Majuma ya kwanza ndiyo magumu. Mvulana wetu hakuisikia kengele hata kidogo. Nyumba nzima iliamka isipokuwa yeye. Wazazi wengi huacha hapa wakisema haifanyi kazi. Mama alihamia karibu naye, na kila ilipolia alimwamsha kabisa, akimuuliza jina la mwalimu wake ili ahakikishe yuko macho. Mtoto anayebebwa hadi chooni akiwa usingizini hajifunzi kitu, kwa sababu kinachofundishwa ni ubongo kuunganisha kibofu kilichojaa na kuamka.

Maendeleo hayaanzi na kitanda kikavu. Huanza na alama ndogo: shuka linalowa sehemu ndogo, kengele inalia usiku wa manane badala ya mapema, mtoto anaamka kwa sauti bila kusukumwa. Kwa mvulana wetu alama hizo zilionekana juma la tatu. Kama baada ya majuma manne hakuna hata moja, rudini kwa mhudumu. Alipofika juma la kumi na moja alikuwa amemaliza usiku 14 mfululizo akiwa mkavu. Kengele iliondolewa. Miezi minne baadaye akalowa tena mara kadhaa kwa juma. Kengele ikarudishwa, na safari hii ilichukua majuma matatu tu.

Si kila mtoto hufaulu. Takriban watoto wawili kati ya watatu hukauka kwa kengele, na baadhi yao hurudia. Ipo pia dawa iitwayo desmopresini, inayopunguza mkojo wa usiku. Inafaa hasa kwa safari au bweni. Hutolewa na daktari, na mtoto hapaswi kunywa zaidi ya mafunda machache kuanzia saa moja kabla ya dawa hadi saa nane baada yake, kwa sababu maji mengi yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi akapata degedege.

Sasa fikirieni mtoto mwingine, msichana wa miaka tisa aliyekuwa mkavu kwa miaka mitatu. Ghafla anaanza kukojoa kitandani. Anakunywa maji kila wakati, anakonda, amechoka. Huyu haletewi kengele. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo kupimwa sukari kwa tone la damu ya kidole, kwa maana hizi ni dalili za kisukari. Akianza kutapika au kuhema haraka, hiyo ni dharura.

Mpelekeni mtoto kituo cha afya pia akiwa na maumivu au homa anapokojoa, damu kwenye mkojo (inaweza kuwa kichocho, hasa kwa wanaooga mitoni na mabwawani), uso au miguu iliyovimba, mkojo unaodondoka mchana kutwa, mkojo dhaifu wa kusukuma kwa mvulana, miguu dhaifu, kujichafua kwa kinyesi, au shimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo. Mwenye ugonjwa wa seli mundu naye hukojoa usiku kwa sababu figo zake hutoa mkojo mwingi. Asinyimwe maji kamwe.

Na mtoto aliyekuwa mkavu akaanza tena baada ya msiba, kuhama au woga fulani, aulizwe kwa upole. Kama kuna shaka ya kudhulumiwa, nambari ya simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Usiku wa leo, anzeni na daftari.